Mwendo ule ule, moyo mwingine: pima mbio ndefu nusu kwa nusu

Mkimbiaji akirudi kutoka mbio ndefu ya Jumamosi, kwanza hutazama umbali, kisha wastani wa mwendo. Akiwa na saa inayosoma mapigo ya moyo, hutazama na wastani wa mapigo, anaridhika, anaenda kuoga. Tatizo ni kwamba wastani wa mbio nzima huficha jambo kubwa lililotokea njiani. Aliyeanza na mapigo 138 kwa dakika akamaliza na 158 anaweza kupata wastani wa 148, sawa kabisa na aliyekwenda kwa 148 mwanzo hadi mwisho. Wa pili alikuwa na nguvu za kuendelea. Wa kwanza alikuwa anaishiwa.

Njia ya kuwatofautisha ni kuigawa mbio katika nusu mbili, kisha kuuliza swali moja kwa kila nusu: kila pigo moja la moyo lilinisogeza umbali gani? Umbali huo ukipungua sana katika nusu ya pili, mwendo na moyo vimeanza kuachana. Hapa nitauita mwachano, na nitaonyesha namna ya kuupima kwa saa ya kawaida na kikokotoo cha simu.

Kwa nini moyo hupanda mwendo ukiwa ule ule

Misuli inayofanya kazi hutoa joto jingi, na njia kuu ya mwili kulitoa ni kupeleka damu kwenye ngozi na kutoa jasho. Damu iliyokwenda kwenye ngozi hairudi haraka kwenye moyo, na jasho nalo hupunguza maji yaliyomo kwenye damu yenyewe. Kwa hiyo kila pigo husukuma damu kidogo kuliko lilivyosukuma mwanzoni. Misuli bado inadai oksijeni ile ile, na moyo hauna njia nyingine ila kupiga mara nyingi zaidi.

Sababu ya pili imo ndani ya misuli. Nyuzi za misuli zilizobeba kazi tangu mwanzo huchoka, na mwili huita nyuzi nyingine kusaidia. Hizo za akiba hutumia oksijeni nyingi zaidi kwa kazi ile ile. Mkimbiaji aliyejenga ustahimilivu wa mwendo fulani hukaa muda mrefu kabla ya kuziita. Ambaye hajaujenga huziita mapema.

Mwachano unaoupima ni jumla ya mambo hayo mawili: joto na maji upande mmoja, ustahimilivu upande mwingine. Hesabu yenyewe haitakuambia ni kiasi gani kimetoka upande upi. Hiyo ni kazi yako, na nitairudia chini, kwa sababu hapo ndipo wengi hukosea.

Kuandaa mbio inayopimika

Si kila mbio ndefu inafaa. Unahitaji mbio ya mwendo mmoja, ile ambayo unaweza kuzungumza sentensi nzima bila kukatika pumzi, bila vipande vya kasi katikati na bila kumkimbiza mtu mwishoni. Muda wa kupimwa uwe angalau saa moja, na ni afadhali dakika 90, kwa maana kwenye mbio fupi mwachano haupati nafasi ya kujitokeza.

Dakika 15 za mwanzo zisihesabiwe. Moyo huanza ukiwa chini na hupanda taratibu mpaka mwili upate moto. Ukizijumuisha, nusu ya kwanza itaonekana nafuu kuliko ilivyokuwa na mwachano utakuwa mkubwa kwa uongo. Pasha mwili kwa dakika hizo ukikimbia polepole, kisha bonyeza kitufe cha kukata kipande kwenye saa na uanze kipimo. Kibonyeze tena katikati na mwishoni. Utakuwa na vipande viwili vya muda sawa, kila kimoja kikiwa na umbali wake na wastani wake wa mapigo.

Njia ichague kwa makini. Mtu anayekwenda kilomita saba akipanda na kurudi saba akishuka hapimi moyo wake, anapima mlima. Barabara tambarare ya pwani nayo ina mtego wake, nao ni upepo. Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, wakati wa kaskazi, unaweza kwenda upande mmoja ukisukumwa na kurudi ukipambana. Dawa ni kuchagua kipande kifupi cha njia na kukizunguka, ili kila nusu ya mbio iwe na kwenda na kurudi kwake. Hapo mwinuko na upepo vinagawanyika sawa pande zote mbili.

Jambo la mwisho ni kifaa. Mkanda wa kifuani husoma mapigo vizuri kuliko kioo cha nyuma ya saa, mradi uloweshe sehemu zake za kugusa ngozi kabla ya kuuvaa. Ukitumia saa peke yake, ifunge vidole viwili juu ya mfupa wa kifundo cha mkono, imara kiasi cha kutoteleza. Zima `Auto Pause` pia. Ukisimama kunywa maji, moyo hushuka upesi, na saa iliyojizima haihesabu dakika hiyo, kisha unaanza tena na moyo uliopumzika. Vituo vitatu vya namna hiyo katika nusu ya pili vinaweza kufuta nusu ya mwachano wako. Kunywa ukitembea hatua chache au ukikimbia polepole, na ufanye hivyo mara sawa katika kila nusu.

Hesabu yenyewe

Kwa kila nusu chukua umbali kwa mita, ugawanye kwa dakika, kisha ugawanye kwa wastani wa mapigo. Jibu ni mita ulizosogea kwa kila pigo. Kisha linganisha.

```
P = mita / dakika / wastani wa mapigo
mwachano (%) = (P1 - P2) / P1 * 100
```

P1 ni nusu ya kwanza, P2 ni ya pili. Tumia umbali kwa dakika na si dakika kwa kilomita, kwa sababu hizo za pili huongezeka kadiri unavyopunguza kasi, na ukizigawanya kwa mapigo utapata jibu lisilo na maana.

Anayepakia mbio zake kwenye TrainingPeaks ataikuta hesabu hii imeshafanywa, imeandikwa `Pa:Hr`. Programu hiyo hurekebisha mwendo kwa kuzingatia miinuko, lakini haijui kama ulipasha mwili au ulisimama kunywa. Ndiyo maana inafaa uchague kipande chenyewe kabla ya kulisoma jibu.

Kipimo kinachotumika sana kilienezwa na Joe Friel, kocha Mmarekani wa mbio na triathloni: mwachano chini ya asilimia 5 ni dalili kwamba ustahimilivu wako unatosha kwa mwendo huo na muda huo. Ukivuka 5, kuna kitu kimeshindwa kuhimili.

Mfano: Jumamosi mbili kwenye Barabara ya Toure

Tumchukue mkimbiaji wa Dar es Salaam anayejiandaa kwa nusu marathoni. Ni Januari. Anazunguka kando ya bahari kwenye Barabara ya Toure, kipande cha kilomita 1.8 kwenda na 1.8 kurudi. Anatoka saa kumi na moja na nusu alfajiri, anapasha mwili dakika 15, kisha anapima dakika 90.

Dakika 45 za kwanza amekwenda mita 7,200, yaani mwendo wa dakika 6 na sekunde 15 kwa kilomita, wastani wa mapigo 142. Dakika 45 za pili amekwenda mita 7,020, karibu dakika 6 na sekunde 25 kwa kilomita, wastani wa mapigo 149.

Akitazama mapigo peke yake, ataona yamepanda kutoka 142 hadi 149, chini kidogo ya asilimia 5. Ataona ni salama. Akitazama mwendo peke yake, ameshuka kwa asilimia 2.5 tu, sekunde kumi ambazo hata mwili hauzihisi. Nazo ataona ni salama. Sasa tuviunganishe.

Nusu ya kwanza: 7,200 kwa 45 ni mita 160 kwa dakika. Ukizigawa kwa 142 unapata mita 1.127, yaani sentimita 112.7 kwa kila pigo. Nusu ya pili: 7,020 kwa 45 ni mita 156 kwa dakika. Ukizigawa kwa 149 unapata sentimita 104.7. Tofauti ni sentimita 8, na sentimita 8 katika 112.7 ni asilimia 7.1.

Hapo ndipo faida ya kipimo hiki ilipo. Mwili uliochoka una njia mbili za kulipa, kuongeza mapigo au kupunguza mwendo, na mara nyingi hulipa kidogo huku na kidogo kule. Ukikagua upande mmoja tu, deni linaonekana dogo.

Lakini 7.1 inatokana na nini? Mkimbiaji wetu anarudi kwenye saa yake na kuzikata zile dakika 90 katika robo saa sita. Anapata wastani wa mapigo 141, 142 na 143 katika nusu ya kwanza, kisha 145, 149 na 153 katika ya pili. Mpando ni mdogo mwanzoni, halafu unakuwa mkali. Nusu ya kwanza iliisha saa kumi na mbili na nusu, na Januari jua la Dar es Salaam huchomoza muda mfupi kabla ya hapo. Robo saa mbili zenye mpando mkali ndizo alizokimbia jua likiwa limeshapata nguvu. Basi joto ni mshukiwa wa kwanza.

Jumamosi inayofuata anabadilisha jambo moja tu. Anatoka saa kumi na nusu alfajiri, saa nzima mapema, ili amalize kipimo kabla jua halijachomoza. Njia ni ile ile, maji kiasi kile kile, mwendo wa kuanzia ule ule. Nusu ya kwanza mita 7,200 kwa wastani wa mapigo 141, sawa na sentimita 113.5 kwa pigo. Nusu ya pili mita 7,065 kwa wastani wa 145, sawa na sentimita 108.3. Mwachano umeshuka hadi asilimia 4.6.

Majibu hayo mawili yakiwekwa pamoja yanasema mengi. Sehemu kubwa ya tofauti ilitokana na joto, kwa hiyo hakuwa dhaifu kama ile 7.1 ilivyoonyesha. Hata hivyo, kwenye hewa ya alfajiri bado yuko ukingoni mwa mpaka. Mwendo wa 6:15 kwa dakika 90 anaumudu, ila hana akiba. Siku akiuongezea jua la saa moja asubuhi, unamshinda.

Kusoma umbo la mpando

Zile robo saa sita zina faida kuliko jibu moja la asilimia, kwa hiyo usiishie kwenye jibu. Mpando unaoanza mapema na kwenda kwa kiwango kimoja tangu robo ya kwanza kwa kawaida unasema mwendo wenyewe ni mkubwa mno. Hukuanza kwenye mwendo rahisi, ulidhani tu ni rahisi. Dawa yake ni kuanza polepole zaidi kwa sekunde 15 hadi 20 kwa kilomita na kupima upya.

Mpando unaofuata jua, kama ule wa mfano wetu, ni wa joto na maji. Jipime uzito bila nguo kabla ya kutoka na baada ya kurudi na kujifuta jasho. Ukipungua zaidi ya asilimia 2 ya uzito wako, ambayo kwa mtu wa kilo 62 ni kilo 1.2 na kidogo, maji ni sehemu ya tatizo na inabidi unywe zaidi njiani.

Upo pia mstari unaotulia kwa muda mrefu, halafu mwisho mwendo unaanguka ghafla. Mapigo yanaweza kupanda kidogo au hata kubaki palepale. Hapo moyo haukulemewa, miguu ndiyo iliyoisha, au mwili umepungukiwa wanga. Angalia ulikula nini jioni na kama ulitoka bila kitu tumboni kabla ya kulaumu ustahimilivu.

Majibu yasiyoaminika

Kuna siku utapata mwachano hasi, yaani nusu ya pili imekuwa bora kuliko ya kwanza. Usishangilie bado. Mara nyingi maana yake ni kwamba hukupasha mwili vya kutosha, au nusu ya kwanza ilikuwa na mwinuko zaidi, au mapigo ya mwanzo yalisomwa vibaya.

Kosa la kusoma mapigo lina sura yake, na ukiizoea utaitambua mara moja. Saa ya mkononi wakati mwingine huacha kufuata damu na kufuata mtikisiko wa mkono, ikaandika idadi ya hatua zako badala ya mapigo. Wakimbiaji wengi hupiga hatua 160 hadi 180 kwa dakika. Ukiona mapigo yameruka kutoka 140 hadi 172 ndani ya sekunde chache kwenye mwendo wa kawaida, yakakaa hapo yamenyooka, kisha yakashuka ghafla, hayo si mapigo. Fungua mchoro wa mbio kabla ya kufanya hesabu. Kipande chenye ugonjwa huo kikiwa kirefu zaidi ya dakika tano, tupilia mbali kipimo cha siku hiyo.

Umbali nao hudanganya. Kati ya majengo marefu ya katikati ya jiji, GPS hurusha alama yako huku na huko na kukupa mita ambazo hukuzikimbia. Hii ni sababu nyingine ya kuzunguka njia moja iliyo wazi. Ukijua mzunguko wako ni mita 3,600, utagundua upesi saa ikiandika 3,720.

Hata vyote vikienda sawa, jibu lina mtikisiko wake. Usiku mmoja wa usingizi mbovu, kahawa, mafua yanayoanza, au ngazi za ofisini jana yake, chochote kati ya hivyo kinaweza kusogeza jibu kwa asilimia moja au zaidi. Kwa hiyo 4.6 na 5.2 zichukulie kuwa jibu moja. Usibadilishe mazoezi kwa sababu ya mbio moja. Subiri mbili au tatu za hali inayofanana zielekee upande mmoja. Na anayetumia dawa zinazopunguza mapigo ya moyo, kama baadhi ya dawa za shinikizo la damu, asitumie kipimo hiki kupanga mwendo bila kuzungumza na daktari wake.

Kutoka kwenye jibu hadi kwenye mazoezi

Kanuni ya kufanyia kazi majibu ni fupi: katika mwendo, muda na joto, ongeza kimoja tu kwa wakati. Mwachano ukikaa chini ya 5 katika mbio mbili zinazofuatana za hali moja, ongeza muda kwa dakika 10 hadi 15 na uache mwendo kama ulivyo. Ukikaa karibu na 3 au chini yake, unaweza kuongeza mwendo kwa sekunde 5 kwa kilomita. Ukiwa juu ya 5 alfajiri yenye hewa nzuri, punguza mwendo, si muda, kwa sababu ustahimilivu hujengwa na dakika unazokaa ukikimbia. Ukiwa juu ya 5 kwa sababu ya jua tu, rudisha saa nyuma au kubali mwendo wa chini siku hiyo, ukiongozwa na mapigo.

Uandike majibu haya mahali pamoja, kwenye daftari au simu: tarehe, saa ya kuanza, muda uliopimwa, sentimita kwa pigo za nusu ya kwanza, za nusu ya pili, asilimia, na neno moja kuhusu hewa. Baada ya wiki sita, safu ya asilimia itakuonyesha kama ustahimilivu unakua. Safu ya nusu ya kwanza nayo ina habari yake: mtu anayeimarika huona sentimita kwa pigo zikipanda taratibu, kwa maana moyo ule ule unamfikisha mbali zaidi hata kabla ya uchovu kuanza.

Kipimo hiki hakitabiri kila kitu. Mkimbiaji wetu akienda Moshi kukimbia nusu marathoni ya Kilimanjaro, barabara inayopanda kuelekea Mweka itamdai kitu ambacho Barabara ya Toure haikumfunza, na lazima ajizoeze vilima kwa siku zake. Lakini kwa Jumamosi ya tatu uamuzi wake uko wazi. Atatoka tena saa kumi na nusu, kwa mwendo ule ule wa 6:15 na dakika zile zile 90, bila kuongeza chochote. Mwachano ukibaki chini ya 5, dakika 90 zitakuwa 100. Ukivuka, ataanza Jumamosi ya nne kwa 6:30.